Maneno Sita ya Bwana Nakshi

Watu wengi waliopita kwenye ofisi yetu walimpenda, na sitajifanya kwamba hawakumpenda. Alikuwa na sauti nzito ya kupendeza, suti mbili alizozivaa kwa zamu, na mkono laini ambao haukuwahi kushika kitu kizito kuliko kikombe. Tulimwita Bwana Nakshi. Jina lilianza kama kejeli, lakini yeye alilipokea kama nishani, akawa anajitambulisha nalo hata kwa wageni.

Ofisi yenyewe ilikuwa gazeti la chama cha wafanyakazi: kurasa kumi na mbili kila wiki mbili, vyumba vitatu juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya iliyopanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Mimi nilikuwa msomaji prufu. Kazi yangu ilikuwa kuwinda makosa ya tahajia kabla kurasa hazijaenda mtamboni. Bwana Nakshi alikuwa na ukurasa wa kumi na moja, ulioitwa “Waliotutoka”. Mwanachama akifariki, familia yake ilileta maisha yake kwenye karatasi, na yeye aliyafupisha yawe maneno mia moja na hamsini. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na mitatu, na kwa miaka hiyo yote sijui kama aliifanya hata mara moja.

Aliipataje? Shemeji yake alikuwa katibu wa chama. Kabla ya hapo alifundisha shule ya msingi miaka minne, akaacha kwa sababu vumbi la chaki lilimwasha koo, akawa mshereheshaji wa harusi. Harusini alijifunza kwamba ukimsifia mtu asiyekusikiliza kwa makini, anakushukuru. Somo hilo akalihamishia kwa marehemu, na kwa kweli hakuna anayesikiliza kwa umakini mdogo kuliko wao.

“Binti,” alikuwa akiniambia, nami nina miaka arobaini na mbili na wanangu wanakaribia kuoa, “familia inaleta mifupa. Mimi naweka nyama.”

Nyama yenyewe ilitoka bucha moja. Marehemu wote walikuwa wachapakazi hodari. Wote walipendwa na wakubwa kwa wadogo. Aliyeacha shule alikuwa “amehitimu”. Aliyeachishwa kazi alikuwa “amestaafu kwa heshima”. Familia ikiruka miaka sita bila kusema marehemu alikuwa wapi, Nakshi aliijaza: “alijiajiri katika biashara ndogondogo.” Na wote, mzee kwa kijana, walifariki “baada ya kuugua kwa muda mrefu”, wakiwa “wamezungukwa na familia zao”. Mara moja alimzungushia familia mlinzi wa ghala ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja. Tangazo lilikuwa limeletwa na mwenye nyumba.

Lililoniudhi zaidi si kwamba aliongeza. Ni kwamba ili kupata nafasi ya kuongeza, alipunguza. Maneno mia moja na hamsini ni machache. Ukiwakalisha “mchapakazi hodari” na “mwenye upendo wa dhati kwa kila aliyekutana naye”, lazima wengine wasimame na kutoka. Waliotoka walikuwa ni wale wa kweli: jina la shule, mtoto aliyekufa akiwa mdogo, mwaka ambao mtu alihamishwa karakana.

Na mimi? Mimi nilirekebisha nukta na mikato. Sikufungua bahasha za familia kulinganisha. Haikuwa kazi yangu, nilijiambia, nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa tatu mwaka ule akaja mjane wa fundi mmoja wa kiwanda cha sabuni. Namkumbuka kwa sababu hakukaa. Alimwekea Bwana Nakshi mezani kurasa nne zilizochanwa kwenye daftari la mistari, zimebanwa kwa pini pembeni, mwandiko wake umesimama wima kama wa mtoto anayeogopa kutoka nje ya mstari.

“Nimeandika mwenyewe,” alisema. “Siku tatu nimeandika. Kama kuna mahali pamekosewa uniulize, nakaa nyuma ya soko la mbao.”

“Mama, ondoa shaka,” Nakshi akamjibu, mkono kifuani. “Mume wako yupo kwenye mikono salama.”

Mjane akaangalia ile mikono. Akasema asante, akashuka ngazi.

Ukurasa ukatoka wiki iliyofuata. Marehemu alikuwa amehitimu elimu ya msingi kwa ufaulu mzuri, alijiajiri, aliajiriwa, alipendwa, aliugua kwa muda mrefu, akazungukwa. Nilikuta kosa moja la tahajia nikalisahihisha. Nililiona kosa hilo tu, na hadi leo nikilikumbuka uso unaniwaka moto.

Siku tisa baadaye katibu alipanda ngazi anahema, barua mkononi. Mkaguzi wa usalama wa kazini alikuwa anachunguza kifo cha yule fundi wa sabuni. Kiwanda kilidai kwamba mtu yule alianguka mwenyewe kwa maradhi yake ya zamani, mtambo hauhusiki. Na ushahidi wao wa kwanza, umeambatishwa kabisa, ulikuwa ukurasa wetu wa kumi na moja. Gazeti la chama chake mwenyewe lilikuwa limesema aliugua kwa muda mrefu. Mkaguzi aliagiza mwandishi aje, na aje na karatasi alizoletewa na familia.

“Shemeji,” katibu alimuuliza, “uliyapata wapi haya ya kuugua?”

“Ni lugha ya heshima,” alisema Nakshi, anapuliza chai. “Kila mtu anajua ni lugha ya heshima.”

Karatasi zenyewe hakujua ziko wapi. Nilizitafuta mimi. Zilikuwa chini ya chungu cha maua ya plastiki dirishani, zina duara la kahawia la kikombe kwenye ukurasa wa kwanza. Nikazitia kwenye bahasha, na kwa kuwa nilikuwa nimezishika mimi, katibu akasema niende nazo.

Ofisi ya idara ya kazi ilikuwa na chumba kirefu chenye meza iliyounganishwa kwa meza tatu zisizolingana urefu. Upande mmoja alikaa afisa utumishi wa kiwanda, kijana aliyepaka mafuta mengi kichwani, faili lake la plastiki limejaa vitenganishi vya rangi. Upande wa pili mjane, peke yake, mkoba magotini. Mkaguzi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani imefungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia ya kungoja kidogo kabla ya kuuliza, jambo ambalo liliwafanya watu waseme zaidi ya walivyokusudia.

Bwana Nakshi aliingia na suti ya kijivu, akainama kwa kila mtu kana kwamba bwana harusi yuko njiani.

“Wewe ndiye uliyeandika hii?” mkaguzi aliuliza, gazeti mbele yake.

“Niliifupisha, mheshimiwa. Kufupisha ni sanaa ya…”

“Ulifupisha nini?”

“Maelezo ya familia.”

“Ni haya?” Nilikuwa nimeshampa bahasha. Alizitoa zile kurasa, akazinyoosha kwa kiganja. “Tuanze juu. Gazeti linataja mwaka wa kuzaliwa. Hapa mama ameandika: ‘Alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, mwenyewe ndivyo alivyosema, cheti hakuwa nacho.’ Mwaka wako umetoka wapi?”

“Nilikadiria.”

“Kwa kutumia nini?”

Nakshi akatabasamu. “Kwa uzoefu.”

“Gazeti linasema alihitimu kwa ufaulu mzuri. Mama ameandika: ‘Alisoma hadi darasa la sita, akatoka.’ Ufaulu upo wapi?”

“Mheshimiwa, huwezi kuandika kwamba marehemu alitoka shule. Watoto wake watasoma.”

“Watoto wake wanajua,” alisema mjane. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipofungua mdomo.

Mkaguzi aliandika kitu. “Gazeti linasema alijiajiri.”

“Kulikuwa na pengo.”

“Mama anasema, ‘Kuna miaka hakuwa na kazi ya kudumu.’ Hilo si pengo, hilo ni jibu. Mama ametaja watoto watano, mmoja alifariki akiwa na miezi minane. Wewe umeandika wanne. Wa tano yuko wapi?”

Hapo Bwana Nakshi aliangalia dari. Feni haikuwa inazunguka. “Nafasi ilikuwa finyu,” alisema.

Nilimwangalia mjane. Alikuwa ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili na haangalii mtu.

“Tufike mwisho,” mkaguzi alisema. “Hiki ndicho kilichotuleta. ‘Alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu.’ Aliugua nini?”

“Sikuambiwa.”

“Kwa muda gani?”

“Mrefu.”

Afisa utumishi alicheka, akajifanya anakohoa. Mkaguzi hakucheka. Alingoja kidogo, kisha akasukuma zile kurasa nne kuelekea upande wetu. “Nionyeshe mahali mama ameandika kwamba mumewe aliugua. Weka kidole.”

Akaanza kusoma. Ilikuwa aibu kumtazama mtu mzima mwenye suti akisoma kitu kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Midomo ilikuwa inacheza. Alimaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne alisita, kwa sababu pini ilikuwa bado imeubana sawasawa na wa tatu, matundu yake mawili hayajapanuka, karatasi haijakunjika kona. Hata mimi niliona. Ukurasa ule haukuwahi kugeuzwa.

“Huu hukuusoma,” mkaguzi alisema. Hakuwa anauliza.

“Mheshimiwa,” Bwana Nakshi alisema, na hapa nafikiri kwa mara ya kwanza maishani alisema kweli tupu bila nakshi yoyote, “mwisho wa maisha ya watu wote unafanana.”

Nje mtu alikuwa anabishana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha pikipiki.

“Nisomee,” mkaguzi alisema, na akanipa karatasi mimi, si yeye. Nikasoma kwa sauti: “‘Tarehe kumi na nne alikunywa chai, akaondoka mzima saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini. Saa tano nikaitwa hospitali. Sikuruhusiwa kumwona. Alifariki saa nane mchana. Nguo zake nilipewa kwenye mfuko, zilikuwa zimelowa sabuni hadi kola.’”

Saa kumi na mbili mpaka saa nane. Huo ndio ulikuwa muda wake mrefu. Na familia iliyomzunguka ilikuwa mwanamke mmoja kwenye benchi la korido, upande wa pili wa mlango.

Mkaguzi alimgeukia afisa utumishi. “Hii ya gazeti naitoa. Si ushahidi wa kitu chochote isipokuwa uvivu. Una cheti cha daktari kinachosema alikuwa mgonjwa? Una siku hata moja ya ruhusa ya ugonjwa kwenye hilo faili lako?”

Kijana akaanza kufungua vitenganishi vyake, cha kijani, cha manjano, cha bluu. Aliendelea kufungua kwa muda. Mkaguzi alimwacha afungue.

Yaliyofuata kiwandani yalichukua wiki mbili. Mkaguzi alikwenda, akazungumza na watu wa zamu ile mmoja mmoja, akakuta mtambo wa kuchanganyia sabuni unafanya kazi bila mfuniko wake. Mfuniko ulikuwa stoo, umeondolewa kwa sababu ulichelewesha kazi. Akaufunga mtambo kwa lakiri hadi mfuniko urudishwe, na taarifa yake ikasema mtu yule alivutwa na mkono wa mtambo. Hilo lilikuwa neno la mkaguzi, kwenye karatasi ya mkaguzi, lenye saini yake.

Nasema hivyo kwa sababu gazeti letu lilipaswa kusahihisha ukurasa kabla taarifa hiyo haijatoka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Nakshi hakuwa peke yake. Katibu alinipa kazi ya kufupisha upya. Nilikaa mezani na zile kurasa nne na penseli. Nilisoma zote mara mbili kabla ya kuandika neno. Kisha pembeni nikaweka alama: kuzaliwa, shule, kazi ya kwanza, miaka isiyo na kazi, ndoa na watoto, kiwanda, siku ya mwisho. Hatua saba. Kila sentensi niliyoiandika, nilitafuta kwenye mwandiko wa mjane mahali inapotoka, na kama sikupaona, niliifuta. Nilifuta nyingi kuliko nilivyotegemea. Mkono una tabia mbaya. Ukiuachia tu, unaandika “kwa bahati mbaya”, unaandika “ghafla”, unaandika “hodari”.

Katibu alisoma nilichomletea, akakunja uso. “Hii imepoa sana. Andika kwamba aliuawa na uzembe wa mwajiri. Mtambo mbovu. Kila mtu anajua.”

“Mama hakuandika hivyo.”

“Lakini ni kweli, dada!”

“Huenda. Akisema mkaguzi tutaiweka kama habari, ukurasa wa kwanza, kwa jina lake. Hapa tunafupisha karatasi za mama.”

“Wewe uko upande gani?”

Nikiri kwamba nilitamani. Nilitaka sana kumwandikia yule kijana wa mafuta kichwani sentensi moja ambayo ingemkaa kooni. Lakini ningeiandika, afisa utumishi angekuja tena na gazeti mkononi na kusema: waongo hawa, toleo lililopita alikuwa mgonjwa, toleo hili ameuawa. Na angekuwa amesema kweli. Basi nikashuka ngazi, nikaenda nyuma ya soko la mbao, nikamuuliza mwenyewe.

Mjane alikuwa anaanua nguo. Alinitaka nimsomee nilichoandika mara mbili, mkono ukiwa kwenye kamba.

“Katibu anataka tuseme mtambo ndio uliomuua,” nilimwambia.

Alifikiri. “Mimi sikuwepo,” alisema. “Niliandika nilichokiona. Waliokuwepo waseme wao, wasijifiche kwenye mdomo wangu.” Kisha akasema, “Umemrudisha mtoto.”

“Ulikuwa umemwandika, mama.”

“Nilimwandika, ndiyo.” Akaendelea kuanua.

Ukurasa ukatoka hivi, bila neno zaidi:

“Marehemu alizaliwa mwaka ambao mwenyewe aliuita wa mvua kubwa, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alisoma hadi darasa la sita. Alianza kazi akiwa mpakiaji wa mizigo. Baadaye kuna miaka hakuwa na kazi ya kudumu. Alioa, wakapata watoto watano, mmoja alifariki akiwa na miezi minane. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni kwa miaka kumi na tisa. Tarehe kumi na nne aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, akiwa mzima kwa maelezo ya mkewe. Saa tano mkewe aliitwa hospitali. Alifariki siku hiyo saa nane mchana. Toleo lililopita la ukurasa huu lilieleza mambo ambayo familia haikuyaandika. Tunaomba radhi.”

Bwana Nakshi aliusoma akiwa amesimama mlangoni kwangu. Alikuwa amekasirika kweli, kwa namna ya mtu aliyeporwa.

“Hii ni orodha ya vituo vya basi,” alisema. “Mmenidhalilisha kwa sababu ya maneno sita, ‘baada ya kuugua kwa muda mrefu’. Sita tu! Miaka kumi na mitatu hakuna maiti aliyelalamika.”

“Mmoja alikuwa na mke,” nilimwambia.

“Mke naye angenyamaza kama si nyie.”

Nilikuwa na jibu refu, lakini nilikuwa na kurasa nane za prufu pia, na kati ya vitu hivyo viwili kurasa ndizo zilizostahili muda wangu.

Hakufukuzwa. Mtu mwenye shemeji hafukuzwi. Alihamishiwa ukurasa wa tisa, wa salamu za heri, ambako kila bibi harusi alikuwa malaika na kila mwanafunzi aliyefaulu alikuwa nuru ya ukoo, na hakuna mkaguzi aliyekuja kuuliza nuru hiyo imepimwa kwa kitu gani. Huko alistawi, akanenepa kidogo. Ukurasa wa kumi na moja nikapewa mimi juu ya kazi yangu, bila kuongezwa kiti wala meza. Familia nyingine zilinilalamikia: mbona baba yetu hana sifa? Niliwajibu waandike wenyewe alichofanya, nitakiweka. Wengi walikwenda wakarudi na kitu. Mmoja alirudi na mstari mmoja, kwamba baba yake alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini ili watoto wapande basi. Niliuweka kama ulivyo.

Mjane alikuja siku moja kuchukua kurasa zake nne. Nilimpa, pamoja na nakala kumi za gazeti. Alizihesabu kurasa, akaona lile duara la kikombe, akalipitishia kidole gumba kana kwamba lingetoka. Bwana Nakshi alipita kwenye korido wakati huohuo, akasimama, akaweka mkono kifuani.

“Pole sana, mama yangu. Mumeo alikuwa mchapakazi hodari.”

Mjane alimtazama toka viatu hadi tai.

“Ulifanya naye kazi?” aliuliza.

Mjane hakungoja jibu. Alikunja karatasi zake mara mbili, akazitia kwenye mkoba, akaniaga mimi, akashuka.

Bwana Nakshi alikaa nasi miaka mingine miwili. Alipostaafu hatukumfanyia sherehe. Aliondoka Ijumaa moja kabla ya chakula cha mchana, na tulipoingia chumbani kwake tukakuta amechukua mto wa kiti, ambao ulikuwa mali ya ofisi.